Hoja zilizotawanyika: maswali ya walimu kuhusu kusahihisha majibu mafupi ya Historia

Nafundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule ya sekondari hapa Tabora. Kila baada ya mtihani wa muhula walimu wenzangu huniletea swali lilelile kwa sura tofauti: nifanyeje na karatasi ambayo mwanafunzi ameandika jambo moja juu, jingine pembeni, jingine ndani ya mchoro, na jingine kwenye nafasi ya swali la jirani? Hapa chini nimejibu maswali hayo kwa kutumia karatasi moja, ya kijana wa Kidato cha Pili ambaye jina lake sitalitaja. Swali lenyewe, la 4 katika mtihani, lilikuwa hili:

"Eleza kwa ufupi sababu nne zilizofanya Tabora kuwa kituo kikubwa cha misafara ya biashara katika karne ya 19. (Alama 8)"

Karatasi hiyo ilikuwaje hasa?

Tulimpa mistari kumi na namba nne zilizochapwa pembeni. Kwenye namba 1 aliandika: "Ilikuwa njia panda." Basi, hakuendelea. Kwenye namba 2 alikuwa ameandika "Waarabu walijenga makazi Kwihara," kisha akaikata kwa mstari mmoja na kuandika juu yake "Reli ilifika 1912." Namba 3 ilijaa hadithi ya Stanley: jinsi alivyokwenda kumtafuta Livingstone, wakakutana Ujiji mwaka 1871, na katikati ya hadithi hiyo, mstari wa nne, imo sentensi hii: "walipumzika Tabora kwa sababu misafara ilipata chakula hapo na wapagazi wapya."

Namba 4 ilikuwa tupu, ila mshale ulitoka hapo hadi ukingo wa kushoto wa karatasi. Huko kulikuwa na maandishi yamesimama wima: "Wanyamwezi walikuwa wapagazi, walizoea safari ya hadi pwani." Chini kabisa kulia alichora nukta yenye jina Tabora na mistari mitatu: mmoja Bagamoyo, mmoja Ujiji, mmoja Karagwe, na kando ya nukta akaandika "wote wanapita hapa." Nyuma ya karatasi, sehemu ya rafu, kulikuwa na neno moja limezungushiwa duara: "hongo." Na chini ya swali la 5, lililohusu Mirambo, aliongeza: "Hii ni ya swali la 4: mtemi alipata ushuru kwa misafara kwa hiyo aliilinda njia."

Mwenzangu aliyeisahihisha mara ya kwanza alimpa 2 kati ya 8. Alisoma namba 1 hadi 4 kama zilivyochapwa, akapata njia panda na chakula, akageuza ukurasa.

Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa unasema nini?

Ulikuwa na hoja sita, tukizikubali zozote nne. Kila hoja alama 1, na maelezo yake alama 1. Tulizipa herufi badala ya namba, na sababu ya kufanya hivyo nitaieleza mbele kidogo.

A ni mahali: njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyikia Tabora, moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. B ni wapagazi: Wanyamwezi walikuwa wanajulikana kwa kazi hiyo na walikuwa wakisafiri hadi pwani. C ni chakula na maji ya kuwapumzisha watu wengi kwa muda mrefu. D ni makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani huko Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, waliokuwa na maghala na waliopokea misafara. E ni watemi wa Unyanyembe waliofaidika na ushuru, hivyo wakawa na sababu ya kuiacha biashara ipite. F ni bidhaa zenyewe, pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa, zilizokusanywa hapo kabla ya kupelekwa pwani.

Nianze kusahihisha wapi wakati ukurasa hauna mwanzo?

Usianze na kalamu. Soma ukurasa wote kwanza, pamoja na ukingo, mchoro, rafu na nafasi za maswali ya jirani, bila kupiga vema hata moja. Kwa karatasi kama hii usomaji huo huchukua dakika moja hivi, na ndio unaoamua kila kitu kinachofuata. Ukianza kupiga vema mstari wa kwanza, akili yako inashikwa na mpangilio uliochapwa, na yaliyo nje ya mpangilio huo unayaona kama uchafu wa karatasi.

Baada ya kusoma, chukua penseli uandike herufi ya hoja mahali ilipo. Pembeni mwa "njia panda" unaandika A. Kwenye ukingo unaandika B. Kwenye hadithi ya Stanley unaandika C, na hapohapo B tena kwa sababu ya "wapagazi wapya." Kwenye mchoro unaandika A, na chini ya swali la 5 unaandika E. Rafu unaiwekea alama ya kuuliza. Sasa una ramani ya karatasi, na ndipo unaanza kutoa alama kwa kufuata herufi, wala si kwa kufuata mistari.

Hapo ndipo faida ya herufi inapoonekana. Namba tayari zimo kwenye karatasi ya mwanafunzi, na namba 3 yake si hoja ya 3 ya mwongozo wako. Nimeona walimu wazoefu wakikosea kujumlisha kwa sababu hiyo tu.

Hoja ikitokea mara mbili nafanyaje?

Unaitolea alama mara moja. Karatasi iliyotawanyika huficha marudio kuliko karatasi iliyopangwa, kwa sababu sentensi mbili zenye maana moja zimekaa mbali. Wapagazi wametajwa ukingoni na kwenye hadithi. Ukisahihisha kwa vema tu, utapiga mbili na kujikuta umempa alama tatu au nne kwa jambo moja. Ukiwa na herufi, unaona B na B, unachagua iliyo kamili zaidi, na nyingine unaiacha.

Lakini angalia: sehemu mbili zenye herufi moja zinaweza kuwa hoja na maelezo yake. "Njia panda" juu na mchoro chini zote ni A, ila ya kwanza inataja na ya pili inaeleza. Hayo si marudio. Swali la kujiuliza ni hili: sehemu ya pili imeongeza jambo ambalo ya kwanza haina? Mchoro umeongeza njia zilikwenda wapi. "Wapagazi wapya" hakijaongeza chochote juu ya yale ya ukingoni.

Nani anaunganisha vipande, mimi au mwanafunzi?

Mwanafunzi. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ndilo ambalo walimu wema hukosea kwa wema wao. Ukiijua historia ya Tabora vizuri, vipande vyovyote viwili utaweza kuviunganisha kichwani mwako na kupata jibu zuri. Jibu hilo linakuwa lako.

Mimi nakubali muunganiko wa aina tatu. Kwanza, mwanafunzi ameuonyesha mwenyewe kwa mshale, namba au maneno kama "hii ni ya swali la 4." Mshale ni maagizo ya mwandishi, una nguvu sawa na sentensi. Pili, vipande viko katika sentensi moja. Tatu, maneno ya kipande cha pili hayawezi kuwa na maana nyingine yoyote isipokuwa kueleza kile cha kwanza. Mchoro wa njia tatu zinazokutana Tabora, wenye maandishi "wote wanapita hapa," hauwezi kueleza kitu kingine zaidi ya njia panda. Kwa hiyo hata bila mshale ninaupa alama ya maelezo.

Kama mchoro huo ungekuwa nukta na mistari mitupu, bila jina la mahali, ningeunyima. Mistari mitatu inaweza kuwa mito.

Na neno moja lililo peke yake, kama "hongo"?

Halipati kitu. Si kwa sababu liko kwenye rafu, maana ningelinyima hata kama lingekuwa kwenye mstari wa kwanza. Swali linataka sababu, na "hongo" lenyewe halisemi ni sababu ya nini. Misafara ililipa hongo kwa watawala wa njiani. Ushuru huohuo uliwafanya watemi waipende biashara, na tena ndio uliomgombanisha mtemi Mnywa Sere na Waarabu wa Unyanyembe. Neno moja linaweza kujibu swali la 4, linaweza kujibu swali la 5, na linaweza kuwa kumbukumbu tu aliyojiwekea kijana kabla ya kuanza kuandika.

Kwa bahati njema kijana wetu alilifafanua chini ya swali la 5: "mtemi alipata ushuru kwa misafara kwa hiyo aliilinda njia." Hapo kuna hoja na kuna "kwa hiyo." Ni E kamili, alama 2.

Je, jibu lililoandikwa kwenye nafasi ya swali jingine linahesabiwa?

Ndiyo, mradi ameandika ni la swali gani. Kama hakuandika, mimi nalisahihisha katika swali lile lilipo. Sentensi ya ushuru ingekaa chini ya swali la Mirambo bila maelezo, ningeipima kama jibu la Mirambo, na huenda ingepata alama huko, maana kugombania njia na ushuru wake ni sehemu ya ugomvi wa Mirambo na wafanyabiashara wa Unyanyembe uliolipuka 1871. Nisingeihamisha mimi. Na sentensi moja haiwezi kulipwa katika maswali mawili. Ukishaipa alama swali la 4, izungushie duara kwa penseli ili usiilipe tena ukifika la 5.

Alichokikata nakihesabu?

Idara ikubaliane kabla ya kuanza, kisha wote wafuate. Sisi tumekubaliana hivi: aliyekata na kuandika kingine mahali pake, tunasahihisha kile kipya, aliyekata bila kuweka kingine, tunasoma kilichokatwa kama kinasomeka.

Ndiyo maana kijana huyu aliniuma. Alikata jibu sahihi kuhusu Kwihara, ambapo kweli kulikuwa na makazi ya wafanyabiashara na ambapo Stanley na Livingstone walikaa, akaweka reli. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, mwaka ameupata, lakini hiyo ni karne ya 20 na ni kazi ya Wajerumani, wakati misafara ya miguu ilikuwa imeshaijenga Tabora muda mrefu kabla. Namba 2 imepata sifuri. Ningetamani kumpa, ila darasa lile lina wanafunzi wengine waliokata majibu mabaya na kuweka mazuri, nao tumewapa alama za yale mazuri. Kanuni ni moja kwa wote.

Jambo la mwaka sahihi mahali pasipo pake liangaliwe sana. Msahihishaji aliyechoka akiona "1912" au "1871" macho humwambia kuna ukweli hapo, mkono unapiga vema. Jiulize kila mara: ukweli huu unajibu swali?

Hoja iliyozama ndani ya hadithi ndefu inastahili alama kamili?

Inastahili kile ilichokisema. Hadithi ya Stanley kwa sehemu kubwa haijibu swali, maana kukutana Ujiji hakuelezi Tabora. Lakini sentensi ya mstari wa nne inasema "kwa sababu misafara ilipata chakula hapo." Ni sababu, inaihusu Tabora, inazungumzia misafara kwa jumla. Hiyo ni C, alama 1. Maelezo hayapo: hakusema chakula kilitoka kwa nani, wala kwa nini safari ndefu ilihitaji kusimama. Kwa hiyo C imepata 1 kati ya 2.

Usimpunguzie kwa urefu wa hadithi. Ameshapoteza muda wake kwayo. Usimwongezee pia kwa sababu hadithi inapendeza na majina yote ameyaandika sawasawa.

Ameandika sababu tano na swali liliuliza nne. Nasahihisha zipi?

Hapa walimu wa idara yangu tulibishana jioni nzima. Tukihesabu: njia panda, reli, chakula, wapagazi, ushuru. Tano. Kanuni iliyozoeleka ni kusahihisha nne za kwanza na kuacha nyingine, na kwa maswali ya "taja" ninaiunga mkono kabisa. Mwanafunzi akiulizwa ataje vitu vinne akamwaga tisa, anabahatisha, na ukimchagulia vinne bora unalipa ubahatishaji.

Kwa swali la "eleza" nina msimamo tofauti. Nusu ya alama iko kwenye maelezo, na maelezo hayabahatishwi kwa kuorodhesha. Tena kwenye ukurasa uliotawanyika, "ya kwanza" ni ipi? Aliandika ukingo kabla ya hadithi au baada yake? Hujui, wala huwezi kujua kwa kuangalia wino. Kwa hiyo tulikubaliana: maswali ya "taja," nne za kwanza kwa kufuata namba zake, na kama hakuna namba, kutoka juu kwenda chini; maswali ya "eleza," nne bora, ila asizidishe zaidi ya hoja moja. Akizidisha mbili au zaidi tunarudi kwenye nne za kwanza.

Kwa kanuni ya nne za kwanza angepata njia panda 2, reli 0, chakula 1, wapagazi 2, jumla 5. Kwa kanuni tuliyoiweka, ushuru unaingia na reli inatoka: 2 na 1 na 2 na 2, jumla 7. Ile 2 ya mara ya kwanza haikuwa na kanuni yoyote inayoitetea.

Nitajuaje kama sisi wawili tunasahihisha sawa?

Chukueni karatasi kumi, kila mmoja asahihishe bila kuona za mwenzake, kisha linganisheni herufi kwa herufi. Msilinganishe jumla. Mimi na mwenzangu tuliwahi kufanana 5 na 5 kwenye karatasi moja, tukafurahi, mpaka tulipotazama ndani: yeye alikuwa ametoa alama kwa D iliyokatwa, mimi kwa mchoro. Jumla ilifanana kwa bahati, na darasa zima lingeumia kwa tofauti ile.

Mkimaliza rundo lote, rudieni zile tano za kwanza mlizosahihisha. Mwanzoni mtu huwa mkali kwa karatasi zilizochafuka, na akifika ya hamsini huwa ameshazoea. Tofauti ikizidi alama moja kwa swali la alama nane, rundo la mwanzo lirudiwe.

Vipi kuhusu majina yaliyokosewa na hoja zisizo kwenye mwongozo?

"Unanyembe" nakubali, inasomeka. "Kaze" nakubali pia, maana wasafiri kama Burton na Speke waliiita Tabora Kazeh. Anayeandika Kigoma akimaanisha Ujiji namsoma sentensi nzima kwanza. Watoto wa hapa mjini tena huleta mambo waliyoyasikia nyumbani, kama vile kivuli cha miembe ambapo misafara ilipumzika. Hoja ya namna hiyo usiikate wala usiilipe peke yako. Iandike kwenye karatasi ya pembeni, ipelekwe kwa idara, na ikikubalika ipewe herufi G na rundo lote lipitiwe upya kuitafuta.

Kwa nini majibu yanatawanyika, na tunaweza kuzuia?

Kwa sehemu kubwa sisi ndio tunaoyatawanya. Ili kubana karatasi tuliweka mistari kumi kwa sababu nne na maelezo manne, yaani mistari miwili na nusu kwa kila moja, kwa mkono wa mtoto wa miaka kumi na mitano. Nafasi ikiisha, anakwenda ukingoni. Muhula uliofuata tulichapa "Sababu" na mistari miwili, chini yake "Maelezo" na mistari mitatu, mara nne, na chini ya swali tukaacha kisanduku kilichoandikwa "Nyongeza ya swali la 4." Tuliongeza nusu ukurasa. Ukingo ulibaki karibu mtupu darasa zima, isipokuwa kwa wachache, na hao wote walichora mishale.

Nimwambie nini mwanafunzi ninapomrudishia?

Nilimwachia zile herufi za penseli kwenye karatasi, nikaandika mwongozo ubaoni kwa herufi zilezile. Alitafuta mwenyewe A yake ya juu na A ya chini, akaona kwamba mchoro ndio uliomwokoa. Alipofika namba 2 akakaa kimya muda, akauliza kama ile ya Kwihara ilikuwa sahihi. Nikamwambia ilikuwa sahihi. Akauliza karne ya 19 inaanzia mwaka gani. Tukaandika pamoja 1801 hadi 1900, akatafuta 1912 iko wapi.